Nafasi ya Arobaini na Moja

Wanafunzi walimwita Mama Rula kwa sababu, kabla shule haijapata kompyuta, alipanga matokeo kwa penseli huku rula ikilala chini ya kila jina, asije akasoma alama za mtoto huyu akampa yule. Alikuwa karani pale kwa miaka kumi na tisa, na alijigamba waziwazi kwamba hajawahi kumpunja mtoto hata alama moja.

Muhula ule mkuu wa shule aliingia ofisini kwake akafunga mlango, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mama, watano wa mwisho wa darasa la mtihani hawaendelei. Bodi imeshaamua. Nataka orodha kabla ya saa sita."

"Watano wa mwisho, au wenye daraja baya?"

"Watano wa mwisho. Tunaangalia nafasi."

Walimu walimtumia alama kwa simu. Alizinakili somo moja moja na kuzibandika kwenye jedwali, mbele ya majina arobaini na moja, kisha akaweka rula juu ya kioo cha kompyuta na kuhakiki mstari kwa mstari. Walimu walicheka, yeye hakujali. Aliandika kanuni za safu nne za mwisho: jumla ya masomo matano, wastani, nafasi kwa kufuata jumla, na daraja kwa kufuata wastani. Mwisho akazisogeza alama zote katikati ya vyumba vyake ili karatasi ipendeze. Saa tano na nusu ilikuwa ukutani.

Orodha ilipobandikwa ukutani, binti wa dereva wa lori alilisoma jina lake chini kabisa. Hakulia. Alirudi darasani, akakaa kidogo, kisha akaondoka bila begi lake.

Kesho yake asubuhi baba yake alisimama mbele ya meza ya Mama Rula, fomu ya matokeo mkononi, macho mekundu.

"Dada, mimi si msomi. Lakini mtu wa mwisho anapewaje B?"

Mama Rula alitaka kumwambia kwamba hayo ni mambo ya kompyuta. Lakini aliitazama fomu kwanza. Hisabati sabini, sayansi sitini, mengine sitini na mbili, sitini na tano, sitini na nane. Alijumlisha kwa penseli: mia tatu ishirini na tano. Fomu ilisema mia moja tisini na tano. Wastani, sitini na tano.

Alifungua jedwali na kuondoa ule mpangilio wa katikati. Namba zote zikakimbilia kulia, isipokuwa nane zilizoganda kushoto kama maneno. Zote zilikuwa za hisabati na sayansi, masomo ya mwalimu mmoja, ambaye kwenye simu yake alibonyeza herufi O kila palipotakiwa sifuri. Kompyuta haikuziona kuwa namba. Jumla ilizipita kimyakimya, na wastani wa binti ukagawanywa kwa masomo matatu tu.

"Mtoto wako hakuwa wa mwisho," alisema. "Kosa ni letu. Yuko wapi nimwambie mwenyewe?"

Dereva aliketi bila kukaribishwa. "Ndicho kilichonileta. Nilimsemea vibaya jana. Nilimwambia asinitie aibu nyumbani kwangu. Leo kitanda chake hakijaguswa."

Mama Rula alibadilisha herufi nane kuwa sifuri. Nafasi zote zikajipanga upya. Binti akapanda hadi ya tisa. Watatu kati ya wale watano walitoka kwenye hatari. Alipotazama chini ya jedwali, aliona majina mengine matatu yameteremka kuchukua nafasi zao, watoto ambao jana walikwenda nyumbani wakiruka.

Mkuu hakupenda habari hiyo. "Barua za kuwaondoa wale watano zimeshatoka, Mama. Unataka tuonekane wababaishaji?"

"Basi ile orodha nitaibandua mimi," alisema, na akaibandua mbele ya wanafunzi.

Binti alipatikana siku ya tatu, kwa shangazi yake, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Alikuwa hai, miguu imevimba, na hakutaka kuongea na baba yake. Alirudi shuleni baada ya wiki mbili. Mama Rula alimwomba radhi mlangoni mwa darasa. Yeye alisema "Shikamoo" akapita.

Wale watatu wapya walihitaji barua. Mkuu alimletea majina kwenye kipande cha karatasi, akaondoka. Mama Rula aliiomba bodi iwaache waendelee, akaomba tena, akaambiwa hesabu sasa ziko sawa. Zilikuwa sawa kweli. Alizirudia mara nne akitafuta kosa, safari hii akitamani alione. Halikuwepo. Mchana ule aliandika barua ya kwanza.