Kusimamisha Kanda Pale Hoja Inapokwisha

Daktari mmoja wa watoto alikuwa amerekodiwa Nairobi akieleza jinsi ya kumtibu mtoto anayehara. Alizungumza Kiswahili kizuri, karibu saa nzima, na kanda hiyo ya video ikaletwa Voi pamoja na runinga na mashine yake. Miaka ya themanini hiyo, mimi nilikuwa muuguzi mkufunzi, na darasa langu lilikuwa la wahudumu wa zahanati kutoka Ronge, Mwatate, hadi Bomeni kule Taveta.

Siku ya kwanza niliwasha tu, nikaketi nao. Haikuchukua muda, wengine wakaanza kusinzia. Ilipokwisha nikawauliza daktari amesema nini. Mama mmoja wa Ronge, mhudumu wa siku nyingi, akanijibu bila kunificha, "Mwalimu, amesema vizuri. Lakini amesema mengi, na hakutupa nafasi ya kumeza."

Nikaona afadhali tuikate. Si kanda yenyewe, la, maneno yake. Mpiga chapa wetu, dada mmoja mcheshi mwenye masikio makali, aliketi mbele ya runinga akasikiliza sentensi, akasimamisha, akapiga taipureta, akarudisha nyuma kuhakikisha. Kazi hiyo ilimchukua siku kadhaa. Ilipokwisha tulikuwa na mhadhara mzima kwenye karatasi, neno kwa neno.

Muda ndio uliotusumbua. Mashine ilikuwa na tarakimu zinazozunguka kanda ikienda, tukadhani hizo zingetosha. Tulipoijaribu kanda kwenye mashine ya Mwatate, tarakimu zikatofautiana kabisa. Basi tukatumia saa ya mkononi: tulianza kuhesabu dakika daktari aliposema "Hamjambo", tukaziandika pambizoni mwa maneno yake.

Nikagawanya mhadhara kila baada ya dakika kumi, na chini ya kila sehemu nikaweka maswali ya kujipima, majibu yakiwa nyuma ya karatasi. Nilijiona fundi.

Darasa lilipojaribu, sehemu mbili za kwanza zilikwenda sawa. Sehemu ya tatu ikaisha daktari akiuliza, "Na mtoto akitapika maji hayo, je?" Nikasimamisha kanda. Swali langu la mwisho lilikuwa lilo hilo. Karibu wote wakaandika: aache kupewa.

Nikashtuka. Mtoto anayehara akinyimwa maji ya chumvi na sukari anazidi kukauka.

"Mwalimu usitukasirikie," yule mama wa Ronge akasema. "Daktari hajatujibu. Wewe ndiye umemfunga mdomo."

Dada wa taipureta, aliyekuja kutazama, alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, maana ilikuwa kweli: jibu lilikuwa upande wa pili wa mkato wangu.

Tukaketi tena na karatasi zetu. Safari hii tuliiacha saa kando, tukafuata hoja. Dalili za kukaukiwa zikawa sehemu moja, ya dakika sita tu. Kuchanganya pakiti ya dawa, ile ya chumvi na sukari, katika lita moja ya maji safi, sehemu nyingine. Kumnywesha mtoto, pamoja na habari ya kutapika, ikawa ndefu kuliko zote, na hatukuikata. Ya mwisho ilikuwa lini apelekwe hospitali. Baada ya hapo ndipo tukaandika dakika za kuanza na kuishia, na maneno ya mwisho ya kila sehemu, ili anayeshika kitufe ajue pa kusimamisha. Kila swali nililisoma huku nikiuliza: jibu lake limeshasikika?

Tulichapisha nakala kwa stensili, wino ukitujaa vidole.

Daktari mwenyewe alikuja Voi baadaye, akaketi nyuma ya darasa jipya. Mama wa Ronge, ambaye nilikuwa nimemwomba arudi kunisaidia, ndiye aliyeshika kitufe. Sehemu ya kumnywesha mtoto ilipoisha akakibonyeza, watu wakainama kuandika. Kisha mama akauliza kwa sauti, "Ametapika. Mnafanyaje?"

"Tunangoja dakika kumi," mhudumu wa Bomeni akajibu, "kisha tunaendelea kumpa, polepole, kijiko kwa kijiko."

"Na wewe uliye nyuma?" mama akamgeukia daktari, kana kwamba naye ni mwanafunzi.

Darasa likaangua kicheko. Daktari akasimama, akajibu kikamilifu, akapigiwa makofi. Walipotoka kwa chai alibaki akipekua karatasi zetu, kidole kikifuata dakika pambizoni.

"Hizi ningependa kwenda nazo," akasema. "Kanda hii nimeipeleka vituo vingi, na kote huwashwa tu hadi mwisho."

Nikamwita dada wa taipureta aje azitoe yeye kwa mkono wake. Alijifuta wino kwenye sketi, akampa daktari fungu zima, nami nikasimama kando yake, kichwa juu, kama mzazi siku ya kufunga shule.