Barua Niliyoichapa kwa Ajili ya Mshahara Wangu

Kwa miaka sita nilichapa barua za watu wengine. Nilikuwa daktilo katika kampuni moja ya Bujumbura iliyoingiza matairi na vipuri vya magari, karibu na bandari. Asubuhi nilitoka kwetu Buyenzi kwa miguu, na kabla ya saa moja na nusu nilikuwa nimeshaondoa kifuniko cha mashine na kuweka karatasi tatu na kaboni mbili. Nilichapa maagizo ya Antwerp, malalamiko kuhusu makasha yaliyovunjika njiani, na orodha za bei ambazo kila mara zilipanda. Barua yangu mwenyewe sikuwahi kuichapa.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mdogo wangu aliyekuwa akisomea uuguzi, na mimi. Mshahara wangu ndio uliotulisha. Nilipoanza kazi, faranga elfu tano zilitutosha, na nyingine kidogo nikaweka akiba. Mwaka wa sita nilikuwa nikipokea elfu sita, na ilipofika tarehe ishirini sukari ilikuwa inapimwa kwa kijiko. Petroli ilikuwa imepanda, na kila kilichopanda lori kilipanda nayo bei. Mwezi mmoja ada ya mdogo wangu ilichelewa. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila kulia, kwamba angeweza kuacha shule akatafute kazi ya kuuza dukani. Nilimwambia asilitaje tena jambo hilo. 

Ndipo nikaandika barua kwa mkono, kwa Kifaransa, nikamwonyesha mhasibu wetu. Alikuwa baba wa makamo aliyekimbia kutoka Uvira wakati wa vita vya kule, Mkristo wa kusali kila Jumapili, mtu wa maneno machache na penseli iliyochongwa vizuri. Ofisini wote tulimwita Papa. Alisoma barua yangu mara mbili.

“Umeandika mama anaumwa miguu,” alisema.

“Ni kweli, Papa.”

“Najua ni kweli. Lakini patron akisoma hii, atatoa mfukoni faranga mia tano, akupe, akuambie pole. Unaomba pole ao unaomba mushahara?”

Nikasema naomba mshahara.

“Basi toa miguu ya mama. Na hapa umesema maisha ni magumu. Kila mutu anasema hivyo. We onyesha ugumu ni kiasi gani. Una kitu gani kimeandikwa?”

Nilikuwa nacho. Mama hakujua kusoma, lakini tangu baba afariki alitaka kila tulichonunua kiandikwe, kwa sababu kaka yangu aliyekuwa Kigoma alituma mchango mara mojamoja na alipenda kujua umekwenda wapi. Nilikuwa na madaftari sita ya soko, moja la kila mwaka. Siku iliyofuata niliyaleta ofisini ndani ya kitambaa, nikiona haya kidogo, maana kurasa nyingine zilikuwa na madoa ya mawese.

Papa hakuona haya. Wakati wa mapumziko ya mchana alinionyesha namna ya kufanya. Tulichagua vitu ambavyo nyumba yetu haikuweza kuvikosa: mchele, maharage, unga wa muhogo, dagaa wa ziwani tunaowaita ndagala, mawese, sukari, sabuni, makaa na mafuta ya taa. Tukaweka kiasi cha mwezi mmoja, kisha tukatafuta bei za mwezi wa tatu katika kila daftari.

“Kiasi kisibadilike,” alisema. “Kama zamani mulichoma gunia moja na leo munachoma mbili, hiyo si bei, hiyo ni matumizi yenu. Sisi tunapima bei tu. Na mwezi uwe uleule, maana ndagala ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa nane haziuzwi sawa.”

Kapu lile la vitu lililokuwa faranga elfu mbili mwaka wa kwanza lilikuwa sasa elfu mbili na mia tisa. Bei zilikuwa zimepanda kwa arobaini na tano kwa mia. Nilifurahi kupata namba ile kana kwamba nimeokota kitu. Jioni hiyohiyo, wenzangu walipokuwa wanafunga madirisha, nilichapa barua safi: bei zimepanda arobaini na tano kwa mia, kwa hiyo naomba mshahara wangu wa elfu sita uongezwe arobaini na tano kwa mia, ufike elfu nane na mia saba. Nikatia sahihi, nikaiweka juu ya meza ya Papa ili aipitie kabla haijaingia kwa mkurugenzi, ambaye yeye alimwita patron.

Asubuhi alikuwa ameipindua, maandishi yakitazama chini.

“Hii singeipeleka,” alisema. “Wewe ulianza na ngapi?”

“Elfu tano.”

“Na sasa?”

“Elfu sita.”

“Hiyo elfu moja wamekwisha kukupa. Unaidai mara ya pili. Patron atakuona muongo kwa mustari mumoja, halafu mistari mingine yote hataisoma.”

Nilihisi uso wangu unawaka. Barua ile ilikuwa na sahihi yangu. Niliirarua vipande vidogo, pamoja na nakala zake, nikashukuru kwamba ilipita kwake kwanza.

Tukaanza upya. Safari hii tulitengeneza jedwali la miaka sita. Safu ya kwanza ilikuwa mshahara niliolipwa. Ya pili ilikuwa bei ya kapu, mwaka wa kwanza ukihesabiwa kuwa mia, na ya mwisho mia na arobaini na tano. Ya tatu ilikuwa thamani halisi: unachukua mshahara wa mwaka, unaugawa kwa namba ya kapu ya mwaka ule, unazidisha kwa mia, unaona ungenunua kiasi gani kwa faranga za mwaka wa kwanza. Elfu sita yangu ikageuka elfu nne na mia moja thelathini na nane. Nilikaa nikiitazama. Mkononi nilikuwa nimepanda, na sokoni nilikuwa nimeshuka. Ili nirudi nilipoanzia tu, mshahara ulipaswa kuwa elfu saba mia mbili na hamsini, na hicho ndicho kiasi tulichokubaliana niombe.

Kulikuwa na mwaka mmoja ulionisumbua. Mwaka wa tatu nilipewa nyongeza ya faranga mia tano wakati bei zilikuwa bado zimetulia, na thamani halisi ilipanda juu ya elfu tano. Nilimuuliza Papa kama tuuache.

“Ukiuacha, jedwali linakuwa na tundu. Mutu wa hesabu anaanza kutazama tundu.”

Tukauweka. Chini ya jedwali nikaeleza bei zimetoka wapi, na kwamba madaftari yapo kwa anayetaka kuyaona. Papa aliwahi kupitia kwenye ofisi ya takwimu ya serikali kusoma taarifa ya bei, akakuta mwendo wake haupishani sana na wetu, nasi tukalitaja hilo pia. Kisha nikaandika kazi zilizoongezeka tangu niajiriwe: teleksi, na hati za forodha. Mwanzo wa barua ulibaki kama desturi ilivyotaka, nina heshima ya kuomba kutoka katika wema wako mkubwa, na kadhalika. Niliipeleka Jumatatu.

Jumanne kimya. Jumatano mkurugenzi alipita mbele ya meza yangu mara nne, akasema bonjour mara moja. Alikuwa Mzungu mrefu aliyeshuka kutoka mtaa wa mlimani wa Kiriri kila asubuhi kwa gari lake mwenyewe, si mkali, lakini mtu wa kukata mambo upesi. Mwaka uliotangulia alimwachisha kazi karani wa ghala aliyepaza sauti juu ya malipo ya ziada. Usiku sikulala vizuri. Nilijiuliza nani angemlipa mwenye nyumba kama ningerudi na barua ya kufukuzwa. Mama aliona, akauliza, nikamwambia kazi ni nyingi.

Alhamisi aliniita, akaniuliza maswali mawili. La kwanza, kwa nini aamini bei za jikoni kwangu. Nilimjibu kwamba orodha zake mwenyewe za matairi nilizichapa mimi, na zilipanda kuliko maharage yangu. Mara nilipolisema neno hilo nikatamani kulirudisha. Hakukasirika. La pili, aliweka kidole juu ya mwaka wa tatu.

“Mwaka huu unaonyesha ulikuwa unalipwa vizuri. Kwa nini umeuweka humu?”

“Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, bwana mkurugenzi.”

Akaitikia kwa kichwa, akaniambia nirudi kazini.

Ijumaa saa nne aliniita tena. “Chukua daftari lako. Kuna barua.” Nilikaa kwenye kiti cha imla kama siku zote, penseli mkononi. Akasema madmazeli, kisha jina la mpelekewa, nami mkono wangu ukaanza kuliandika kabla sijasikia kwamba ni langu.

Aliendelea kutamka akitazama dirishani, kwa sauti yake ya barua, kana kwamba madmazeli huyo yuko mji mwingine. “Kwa kurejea barua yako ya Jumatatu, tunasikitika kukujulisha…” Hapo akatafuta neno.  Mimi niliandika neno tunasikitika kwa alama za stenografia, ile hati mkato ya imla, nikangoja. “…kukujulisha kwamba kampuni haiwezi kukubali kiasi chote ulichoomba. Hata hivyo, baada ya kupitia jedwali lako, mshahara wako utakuwa faranga elfu saba kwa mwezi, kuanzia mwisho wa mwezi huu. Nukta. Aya mpya. Kila mwaka, mwezi wa kwanza, mshahara utapitiwa upya kwa kuzingatia taarifa ya bei ya serikali.”

Akauliza, “Umepata yote?”

Nikasema nimepata. Ilibidi nisome tena mbele yake, kama alivyotaka kwa kila barua, nami nilisoma hadi mwisho.

Nilipoichapa niliharibu karatasi mbili. Mara ya tatu ilitoka safi, nikampelekea asaini, nakala moja nikaiweka kwenye faili langu kwa mkono wangu mwenyewe. Papa alipita, nikamwonyesha. Akafanya hesabu kichwani.

“Bado umepungukiwa,” alisema. “Mia mbili na hamsini.”

“Najua, Papa.”

“Lakini ile ya mwezi wa kwanza,” akaigusa aya ya mwisho kwa penseli, “hiyo ndiyo kubwa. Sasa hawangoji wewe uombe.” Akatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona mara nyingi, akarudi kwenye vitabu vyake.

Ijumaa tulifunga kazi saa sita, na mchana ule nilifika nyumbani miguu ikiwa myepesi na kichwa kikiuma, kama mtu aliyetua mzigo ghafla. Mama alikuwa ameswali, amekaa kwenye mkeka. Nilimsomea barua yote kwa Kiswahili, pamoja na tunasikitika, na hapo akashika kifua, nikamwambia angoje. Nilipomaliza alisema alhamdulillahi, taratibu, mara tatu, kisha akauliza kama nimekula. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Aliniletea wali na maharage, akakaa akinitazama, nami nikala chote, nikajinyoosha palepale mkekani na kulala hadi adhana ya alasiri.