Kidole cha Jirani

Simu ya mama ilipotea kwenye jaruba la mpunga huko Katindiuka, wakati wa kupandikiza. Alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga, akainama, akainuka, haipo. Tulipapasa lile tope mpaka kucha zikajaa weusi. Mimi nilikuwa nasonya tu, maana nilishamwambia mara ngapi aiache nyumbani. Mama alikaa kwenye tuta la jaruba akasema, "Na mdogo wako je?"

Mdogo wangu aliondoka kwenda kutafuta maisha machimboni, na hakuwa na simu yake mwenyewe, au kama aliwahi kuwa nayo aliiuza. Alikuwa akiazima simu za watu na kumpigia mama, siku asiyotarajiwa kabisa. Namba pekee aliyoikariri kichwani ilikuwa ile ya mama. Yangu hakuijua. Laini ile ikifa, na yeye kafa kwetu, ndivyo mama alivyoona.

Kesho yake tukaenda mjini Ifakara kuirudisha laini. Pale Viwanja Sitini tukaona kibanda kimepakwa rangi za kampuni ya simu, nembo kubwa mlangoni, na kijana ndani ana kile kimashine cha kusoma alama za vidole. Akatuchangamkia kwelikweli. "Shikamoo bibi! Laini imepotea? Dakika mbili tu, weka kidole." Mama akaweka. "Haijasoma bibi, weka tena." Akaweka. "Tena." Nikamuuliza kitambulisho chake cha uwakala kiko wapi. Akacheka. "Dada naye! Kwani huoni rangi?"

Rangi! Rangi hata mimi naweza kununua dukani nikapaka banda la kuku. Nilikuwa nimesikia watu wanaoambiwa kidole hakijasoma, kumbe kila wanapobonyeza inasajiliwa laini nyingine kwa jina lao, na baadaye laini hiyo inatapeli watu. Nikamuuliza tena, safari hii kwa sauti ya wapita njia kusikia. Akaniinamia kama mtu wa siri: "Dada, mimi hata mwenye laini asipokuwepo naweza kukurudishia. Acha ukali."

Nikamshika mama mkono tukatoka. Mama aliburutika huku akimtazama yule kijana.

Nikasimama kivulini nikapiga huduma kwa wateja kwa simu yangu, laini yangu ni ya mtandao uleule wa mama. Nikauliza duka lao rasmi Ifakara liko wapi. Wakanielekeza, na wakasema mhudumu lazima awe na kitambulisho chenye picha na namba, usajili ni bure, na kidole kisiposoma naambiwa wazi kwa nini. Wakanipa na namba fupi ya kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu, tukaipiga baadaye: hakuna laini ya ajabu iliyokuwa kwa jina la mama. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Dukani palikuwa na foleni, viti vya plastiki na feni inayolia. Mhudumu alikuwa msichana mpole, kitambulisho kimening'inia shingoni. Nikasoma namba yake, nikapiga simu tena palepale mbele yake, nikahakikisha. Hakukasirika. "Piga tu dada, ni haki yako," akasema. Nikajiona mjanja. Ee, siku hiyo nilijiona mjanja kuliko Ifakara nzima.

Vidole vya mama havikusoma. Miaka ya palizi na kupandikiza imevilainisha vikawa kama kisahani. Msichana akamfutia kwa kitambaa, akajaribu kidole gumba, cha shahada, cha kati. Mwisho kikasoma kidole cha pete cha mkono wa kushoto, na sura ya mama ikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Mama akacheka. "Ndiye mimi huyo!"

Kisha msichana akaandika namba iliyopotea, akatazama, akatazama tena.

"Mama, laini hii haina jina lako."

"Ni yangu," mama akasema. "Miaka yote ni yangu."

"Ulisajili mwenyewe, kwa kidole chako?"

Mama akafikiri. Ndipo akaeleza, bila wasiwasi wowote, kama anayeeleza alivyoazima jembe. Wakati ule tulipotangaziwa kwamba laini zisizosajiliwa kwa vidole zitafungwa, mawakala wa kusajili laini, wale wanaokaa chini ya mwavuli, walikuja kwenye uwanja wa kanisa. Kidole cha mama kikagoma. Jirani yetu, shoga yake wa tangu ujana kule Mahenge, akasema, "Unahangaika nini? Chukua changu." Akatoa namba yake ya kitambulisho cha taifa, akabonyeza kidole, laini ya mama ikapona. Laini yake mwenyewe ilikuwa ya mtandao mwingine, kwa hiyo hakuona shida jina lake kutumika huku.

"Basi mama, mlete huyo jirani," msichana akasema. "Akiweka kidole chake, laini inarudi leo hii."

Mama akanitazama. Mimi nikatazama feni. Jirani tulikuwa tumemzika masika yaliyopita.

Tulipomweleza, msichana akasema pole, na ilikuwa pole ya kweli. Akaeleza kwamba laini ya marehemu inashughulikiwa na msimamizi wa mirathi, kwa cheti cha kifo na barua ya mahakama. Mirathi! Nani alifungua mirathi ya kuku watatu na jembe? Alifia nyumbani, hata cheti hakikutafutwa. Nilitamani awe tapeli nimtukane. Lakini duka lilikuwa la kweli, na la kweli ndilo linalokataa.

Akamsajilia mama laini mpya, kwa kidole cha pete, mara moja tu. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia kwenye simu ndogo tuliyomnunulia asubuhi ile. Laini halali kabisa, ambayo hakuna mtu duniani aliyeijua.

Njiani mama akasema, "Yule wa kibandani alisema angeweza." Nikamwambia ni mwongo. Akasema, "Huenda." Neno hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Tulimfuata binti wa marehemu, akakubali kuhangaikia karatasi, akazungushwa, miezi ikaenda. Mama kila asubuhi alipiga namba yake ya zamani na kusikiliza ikisema haipatikani. Nilimkataza. Hakunisikia.

Asubuhi moja ikaita. Akaweka sauti kubwa, akasema, "Haloo."

"Shikamoo mama," akajibu mwanamume, maana sauti ya mtu mzima kama mama haijifichi.

"Marahaba baba. Hiyo namba ilikuwa yangu."

"Mama, mimi nimeinunua duka la kampuni, namba zisizotumika huuzwa upya, nimesajili kwa kidole changu." Alikuwa amekwisha kuogopa.

"Najua, ni yako. Sikudai. Ila akipiga kijana akimuulizia mama yake, usimwambie amekosea namba. Mpe hii ninayopigia."

"Mama," akasema polepole, "alishapiga. Kama mwezi hivi uliopita. Aliita 'Mama?' nikamwambia amekosea namba. Akarudia namba yote, nikamwambia ndiyo hiyo lakini si ya mama yake. Namba aliyopigia imeshafutika, simu yangu hii haihifadhi nyingi. Nisamehe mama."

Nilikaa chini. Nililia, sioni aibu kusema. Mama hakulia. Aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Akasemaje, ulipomwambia hivyo?"

"Alisema samahani kwa usumbufu."

"Alisema samahani?"

"Ndiyo mama."

Mama akashukuru, akakata simu, akaifunga tena kwenye pindo la kanga.

"Umesikia?" akaniambia. "Mzima. Na adabu hajaiacha."