Maharage Tuliyoyafukia

Mwaka baba alipoacha shamba na kwenda kuchimba dhahabu Nyakunguru, alituachia gunia moja la maharage. Alikuwa ameyachanganya na dawa ya unga ya kuzuia wadudu, aliyoinunua gulioni ikiwa imefungwa kwenye karatasi tupu.

Mahindi yalipokwisha, mama alichota maharage hayo. Aliyapepeta nje, upepo ukimpiga mgongoni na kitambaa kikiwa puani, akayaosha kwa maji matatu na kumwaga maji hayo mbali na kuku. Nilikuwa nawasha moto wakati bwana shamba, mzee wa makamo, alipopita.

"Shikamoo," mama alimwamkia. "Maharage haya yalitiwa dawa ya wadudu. Nimeyaosha vya kutosha?"

"Marahaba. Ni dawa gani?"

"Jina silijui. Haikuwa na maandishi."

"Kuosha kunasaidia kama ni dawa ya kuhifadhia nafaka na siku zake za kungoja kabla ya kula zimeisha. Hii hatuijui, mama. Usipike, wala usiwape mifugo."

"Watoto watakula nini?"

Tulichimba shimo mbali na kisima, tukayafukia yote. Baba hakurudi msimu ule, wala hakutuma kitu. Tulilala njaa siku nyingi, na mama hakulitaja tena jina la baba.