Marinda ya Kwaya

Mama yangu, Theodosia, alizaliwa Muyama, akaolewa Kasulu, na kwa miaka ishirini na sita amekuwa akishona kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la mzee Dadi. Watu walimfahamu kwa marinda. Mtu akitaka suti alielekezwa kwingine, lakini akitaka sketi ambayo ukitembea inafunguka na ukisimama inajifunga yenyewe, alikuja kwa mama.

Hesabu yake alinifundisha nikiwa mtoto. Tatu inaonekana, sita inajificha. Kila rinda linakula sentimita tisa za kitambaa na kutoa tatu kiunoni. Kiuno cha sabini na mbili kina marinda ishirini na manne, wala hakuna njia ya mkato. Alipima kwa futi, akapiga mistari ya chaki ya bluu upande wa ndani, kisha mstari unakunjwa hadi juu ya mwenzake, unabanwa kwa pini, unapigwa pasi juu ya kitambaa chenye maji. Mistari ikiwa sawa, macho ya mtu yanapita juu ya sketi bila kukwama popote. Ikikosea kidogo tu, rinda moja linakuwa nene, la pili linapanda juu ya la tatu, na kule chini pindo linayumba kama maji yaliyotupiwa jiwe.

Kukunja na kushona ilikuwa kazi ya Kezia. Huyu alikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wawili, mwembamba, wa maneno machache. Alijifunza cherehani Mtabila, kambi ya wakimbizi ilipokuwa bado ipo, akaja kwa mama mwaka ilipofungwa, wakakaa pamoja miaka kumi na moja, cherehani kwa cherehani. Mama alikata na kupiga chaki, Kezia alikunja na kushona. Asubuhi walisalimiana "Mwakeye", na baada ya hapo zingeweza kupita saa mbili bila neno, kazi inakwenda tu.

Kwaya ya kanisa letu ilipokaribia kutimiza miaka thelathini, mwalimu wake, Niyomwungere, alileta kitambaa cha tetroni cha rangi ya zambarau, sketi ishirini na mbili, zote za marinda. Wiki hiyo nilikuwapo kibarazani. Nilimwona Kezia ameinamia kipande cha kwanza, anafuta mstari kwa kidole na kupiga mwingine pembeni yake. Mama naye alimwona.

"Unafanya nini?"

"Naweka sawa kidogo, Mama Rosa."

"Unaweka sawa chaki yangu?"

Kezia alipangusa kidole chenye chaki kwenye kanga yake.

"Chaki ni yangu, mshono ni wako," mama alisema. "Shona palipo na mstari. Usinirekebishe."

"Sawa, Mama Rosa," Kezia akasema, akaweka chaki chini.

Nilipaswa kusema neno siku ile. Kwa karibu mwaka mzima mama alikuwa ananiita nimtungie uzi kwenye sindano. Futi alikuwa anaishika mbali na uso, mkono umenyooka, kama mtu anayesoma barua asiyoitaka. Niliona yote hayo nikadhani ni umri, na kwamba umri hauna haja ya kusemwa. Nilimtungia uzi, nikaendelea na mambo yangu.

Siku ya sherehe wanakwaya walijipanga kwenye ngazi za kanisa, wanawake wote mstari mmoja, zambarau tupu. Kwa mbali macho ya mama yalikuwa mazima kabisa, kwa hiyo aliona kila kitu. Hakukuwa na sketi iliyolingana na nyingine. Rinda moja lilikuwa vidole viwili, jirani yake kidole kimoja, mengine yamebebana. Walipoanza kuyumba kwa wimbo, mapindo yalikwenda kila moja na njia yake. Nyuma yetu mtu alicheka chinichini.

Baada ya ibada Niyomwungere alikuja taratibu, mikono ameiweka nyuma.

"Mama Theodosia, sketi zimetushinda kidogo. Kulikoni?"

Mama alimtazama Kezia, aliyesimama hatua mbili kutoka pale, mtoto mgongoni.

"Muulize aliyeshona," mama alisema. "Mimi nilipima."

Wanakwaya walikuwa wanasikia. Kezia alisema kwa sauti ya kawaida, "Mama Rosa, mimi nimeshona palipo na chaki."

"Chaki yangu inajulikana Kasulu nzima."

Basi, yakaishia hapo. Jumatatu Kezia alikuja, akachukua mkasi wake na mto wake wa kukalia, akamwambia mzee Dadi kwaheri. Mama aliendelea kukanyaga cherehani bila kuinua kichwa. Baada ya wiki chache tukasikia Kezia amehamia Kibondo kwa dada yake. Hapa kwetu alikuwa ameanza kushona nyumbani, lakini kila aliyempelekea kitambaa aliambiwa na wenzake kwamba huyo ndiye aliyeharibu sketi za kwaya.

Miezi saba ikapita. Madaktari wa macho walipopita hospitalini, nilimbembeleza mama hadi akaenda, akarudi na miwani. Siku hiyohiyo mwimbaji mmoja aliyenenepa alileta sketi yake ya zambarau ipanuliwe kiuno. Mama alifumua ukanda kwa wembe, akageuza upande wa ndani. Pale palipofunikwa na ukanda chaki ilikuwa bado ipo. Nilimwona anachukua futi, anapima mstari hadi mstari, anarudia. Tatu. Mbili na nusu. Nne. Tatu na ushee. Na kila mahali uzi wa Kezia ulikuwa umekaa juu ya mstari wa bluu, haujatoka hata kwa upana wa uzi wenyewe.

"Rosa," aliniita. "Hebu soma hapa. Ni ngapi?"

"Nne, mama."

Alivua miwani akaishika mapajani. Hakushona tena siku ile.

Tulikwenda Kibondo pamoja. Kezia tulimkuta sokoni na meza ya dagaa. Aliinuka, akampa mama kigoda chake, akasimama yeye. Mama alieleza yote, juu ya miwani, juu ya mistari, mwisho akasema, "Nilikuchafua mbele ya watu, na kosa lilikuwa langu. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilishasamehe," Kezia alisema. "Nilijua macho yanakusumbua tangu mwaka uliotangulia. Nilikuwa nakurekebishia mistari bila wewe kuona. Sketi ngapi zilipita."

"Kwa nini hukuniambia macho yamekwisha?"

"Ningekuambiaje? Kazi yako ni macho." Alipanga mafungu ya dagaa yaliyokuwa yamepangika tayari. "Lakini na mimi nina langu. Uliponikataza nilikasirika. Niliona zitakavyotoka, nikashona zote ishirini na mbili. Ningeweza kukataa."

Mama alimwomba arudi. Kezia alitikisa kichwa bila hasira. Cherehani alikuwa ameshaiuza, mtoto wake mkubwa ameanza shule pale. "Na mikono imeshazoea hii," alisema.

Jumapili iliyofuata mama aliomba nafasi kanisani, akasimama mbele akasema kosa lilikuwa lake. Watu walimsikiliza kwa heshima. Kwaya ilikuwa imeshashonesha sare nyingine, sketi nyembamba zisizo na rinda hata moja, na nadhani wengi walikuwa wameshasahau habari ya Kezia, ila jina lake baya ndilo lililobaki.

Mama bado anashona kibarazani kwa mzee Dadi, na miwani inamsaidia. Anashona magauni, mashati ya shule, mapazia. Anayeleta kitambaa cha marinda anaambiwa ajaribu kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Wateja wanadhani amechoka. Mimi huwa sisemi kitu.