Kovu la Mche wa Parachichi

Habari hii hamtaiamini, na nawaambia mapema ili msije kunisumbua baadaye. Wa Tengeru watasema imetiwa chumvi. Waseme. Tabea wa Kikwe aliuza kitalu kizima cha parachichi bila kupiga kelele sokoni hata siku moja. Aliuza kwa kujibu maswali.

Ilikuwa masika ya mwaka 2014. Kitaluni kwake ilisimama miche mia tatu, yote kaibebesha, kaunga kikonyo juu ya shina kwa mikono yake mwenyewe, na mizizi ilishaanza kutoboa viriba, vile vifuko vya plastiki. Mvua ilibakiza wiki tano hivi. Ikikatika miche ingali kwenye viriba, nani atachimba mashimo kwenye vumbi? Ingedumaa palepale, na mwaka mzima wa kumwagilia ungekwenda na maji.

Bahati nzuri Tabea alikuwa na mjomba, Solomoni, mtu wa kalamu nzito na sura ya kuvutia. Ndiye aliyemwandikia tangazo la kuweka kwenye soko la mtandaoni: MICHE BORA KULIKO YOTE AFRIKA MASHARIKI! INAZAA HARAKA! BEI MAELEWANO! WAHI! Chini yake, picha moja ya mche.

Watu wakawahi kweli. Wakawahi kuuliza.

“Bei gani?” “Mko wapi?” “Mche una urefu gani?” “Haraka ndiyo miaka mingapi?” Na lile lililomkera Tabea kuliko yote: “Dada, mbona mche una kovu shingoni? Ni ugonjwa?”

Tabea akamjibu kila mmoja kwa adabu. Hapana kaka, si ugonjwa, ndipo ulipobebeshwa. Kesho yake akamjibu mwingine hivyohivyo. Siku tano, maswali arobaini na moja, na miche yote mia tatu inamtazama. Akajiuliza: hawa wameuliza. Je, wale walioona kovu wakapita kimya ni wangapi?

Akageuza kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita upande usioandikwa, akasoma maswali yote tangu la kwanza, kila swali akilipigia kistari. Kovu, vistari kumi na vinne. Bei, kumi na moja. Mahali, saba. Muda wa kuzaa, sita. Urefu, vitatu.

Mjomba alipopita kunywa chai akamkuta bado anahesabu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Umeuza?”

“Nimejibu.”

“Wanunuzi wa siku hizi wavivu wa kusoma.”

“Wasome nini, mjomba? Umewaandikia Afrika Mashariki, hukuwaandikia Kikwe.”

“Kwa hiyo nifute ‘bora kuliko yote’?”

“Hapa kuna maswali arobaini na moja. Hakuna aliyeuliza kama ni bora.”

Mjomba akanywa chai. Ilikuwa chungu kidogo.

Tabea akapiga picha upya: mche mzima na rula pembeni, kisha kovu peke yake, kwa karibu. (Kidole kinachoshika rula ni cha mjomba, kinaonekana vizuri sana.) Akaandika kwa kufuata vistari vyake, penye vingi kwanza:

“Miche ya parachichi ya kubebeshwa. Kovu unaloliona shinani si ugonjwa, ndipo kikonyo cha mti unaozaa vizuri kilipoungwa na shina la chini. Ukipanda, usilifukie. Mche mmoja shilingi elfu tatu. Urefu sentimita arobaini hadi sitini. Ukitunzwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Tupo Kikwe, Meru, unashukia Tengeru.”

Swali la kovu likakatika kama maji ya bomba. Miche thelathini ikaondoka wiki hiyo. Likazuka jipya: “Mnatuma Babati?” Wa kwanza akamwambia subiri. Wa tatu alipouliza, Tabea akaenda kwa wakala wa basi, akafunga miche kumi kwenye boksi lenye matundu, akaituma. Ilipofika mizima, ndipo akaongeza mstari: “Tunatuma kwa basi, kuanzia miche kumi.”

Bado mia mbili na zaidi, na mvua imeanza kusuasua. Ndipo simu ikaita. Mtu wa Karatu, Khalfani.

“Dada, nataka yote iliyobaki.”

Tabea akajiandaa kwa maswali. “Karibu, uliza tu.”

“Niulize nini? Umeshaandika. Niambie tu, nikifika Tengeru nakunja wapi?”

Usiku ule mvua ikarudi kwa kishindo. Na Jumamosi, jamani, Kikwe ilitikisika! Malori yalipanga foleni kutoka kitaluni hadi lami, kila lori na turubai lake, na dereva wa kwanza akateremka, akamshika mjomba mkono, akasema, “Mzee, tangazo kama hili sijawahi—”

“Mjomba.” Ni Tabea, kasimama nyuma ya kiti changu, anasoma ninachoandika. “Malori gani? Ilikuwa pikapu ya Khalfani, ikaja mara mbili. Na tangazo hukuandika wewe.”

Haya, pikapu. Lakini ilikuwa pikapu kubwa, Tabea, kubwa kama—

“Mjomba! Kubwa kiasi gani? Weka rula.”