Dakika Kumi na Tano za Florida

Vikao vitatu vya mtandaoni vilikuwa vimeisha kwa sala bila uamuzi: kwaya za Warundi wa Louisville, Columbus na Buffalo, huko Marekani, zikutane mji gani mwezi wa nane? Mzee Liberati wa Louisville alipotaka kuitisha cha nne, Florida, katibu wa kwaya ya Buffalo, aliwaandikia yeye na Yoeli wa Columbus.

"Shikamoo mzee. Badala ya kikao kirefu, naomba tuongee kwa simu sisi watatu, dakika kumi na tano tu. Jumanne saa moja jioni, au Jumatano saa kumi na mbili jioni. Tuchague mji, basi. Ipi inawafaa?"

Hakuwa amewahi kumpangia mzee muda. Wote wakajibu: Jumanne.

Siku hiyo Mzee alianza kusimulia safari za zamani. Florida akamrudisha kwa upole, "Baba, tuanze na mji." Wakakubaliana Columbus, maana iko katikati, na dakika zikabaki.

"Binti yangu, kuanzia leo mikutano yetu uendeshe wewe," Mzee akasema.

Florida alikata simu, akacheka peke yake jikoni, kisha akaimba kwa sauti yake yote.